Gauni la damu ya mzee: kwa nini likilazwa linakuwa jekundu na likitundikwa linakuwa kahawia

*Shikamoo mwalimu. Nauza magauni mtandaoni, picha napiga kwa simu. Nina gauni la damu ya mzee. Nikililaza kitandani usiku juu ya blanketi la kahawia, chini ya taa, linatoka jekundu kabisa. Nikilitundika mchana kwenye fimbo ya pazia dirishani, linatoka kahawia karibu na nyeusi. Wateja wawili wamelirudisha wakisema si rangi waliyoagiza. Ninunue kamera, au kuna kitu nakosea?*

Marahaba. Kamera iache kwanza, maana tatizo hili litakufuata hata ukinunua ya bei kubwa. Kilichokosewa zaidi katika picha zako ni kiasi cha mwanga, na kwa rangi hii kiasi cha mwanga ndicho kinachoamua rangi yenyewe.

Lichukue gauni ulitazame vizuri. Damu ya mzee ni nyekundu iliyopungukiwa mwanga. Ukiiongezea inapanda kuwa nyekundu, ukiipunguzia inashuka kuwa kahawia ya giza, ukizidi kupunguza inakuwa nyeusi. Kahawia nayo ina tabia hiyo, kwa kuwa ni rangi ya machungwa iliyotiwa giza, na kijani cha zeituni ni njano iliyotiwa giza. Shati la waridi likizidi mwanga kidogo mteja bado ataliita la waridi. Hizi rangi za giza zikizidi mwanga zinabadilika jina, na rangi ikibadilika jina gauni linarudishwa.

Sasa simu inaamuaje mwanga? Inatazama kila kilichomo kwenye fremu, inapata wastani wa weupe na giza, kisha inausogeza wastani huo uelekee kijivu cha katikati. Kule kitandani iliona blanketi la kahawia na gauni la giza, yaani giza kila upande. Ikachukulia kwamba chumba hakina mwanga, ikaongeza, na gauni likapanda kuwa jekundu. Dirishani iliona mbingu nyeupe nyuma ya gauni. Ikachukulia kwamba mwanga umezidi, ikapunguza, na gauni likashuka kuwa kahawia. Juu ya hayo, gauni lililotundikwa dirishani linapigwa mwanga mgongoni, na upande unaoupiga picha uko kivulini. Hata jicho lako likisimama pale halioni rangi yake vizuri.

Kosa la pili liko kwenye taa. Balbu nyingi za nyumbani zinatoa mwanga wa joto, wa manjano kuelekea machungwa, na kwenye kasha lake utaona umeandikwa kama 2700K au 3000K. Mwanga wa mchana uko karibu na 5500K. Jicho linazoea haraka, ndiyo maana usiku huoni kwamba chumba ni cha manjano. Simu inabidi ikisie, na makisio yake yanavurugika sana pale nguo moja yenye rangi nzito inapojaza fremu. Inaona nyekundu nyingi, haina namna ya kujua kama nyekundu ni ya kitambaa au ya balbu. Wakati mwingine itaiacha balbu ilipake gauni rangi, wakati mwingine itaiondoa nyekundu ya gauni ikidhani ni ya balbu. Ukipiga picha tano kwa kusogea kidogo kidogo, unaweza kupata rangi tano.

Dawa ya yote mawili ni kuipa simu kitu kimoja kisicho na rangi, ipimie hapo. Kitu hicho ni kadi ya kijivu, ile inayouzwa kwa wapiga picha, ambayo inarudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaoipiga na haielemei rangi yoyote. Wengi wanatumia karatasi nyeupe ya ofisini. Kwa dharura itakusaidia, lakini jua kwamba karatasi hizo hutiwa dawa ya kung'arisha inayozipa ubluu kidogo kwenye mwanga wa mchana. Ukisahihisha rangi kwa karatasi hiyo, picha yote itaelemea njano kidogo. Kadi ya kweli ndicho kifaa cha kwanza ningekushauri ununue, kabla ya taa, kabla ya stendi, na kabla ya hiyo kamera.

Tuanze upya na gauni hilohilo, na tuanze kwa kulilaza.

Subiri mchana. Chagua dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Likiingia, weka pazia jembamba jeupe, si la krimu wala la rangi, maana pazia linaupaka mwanga rangi yake. Zima taa zote za chumbani. Hapa watu wengi hubisha, wanasema taa inasaidia kuongeza mwanga. Inaongeza, ila inaongeza mwanga wa rangi nyingine. Upande wa gauni unaotazama dirisha utakuwa na ubluu, upande unaotazama balbu utakuwa na umanjano, na hakuna marekebisho yanayoweza kuziponya pande zote mbili kwa pamoja. Ukisahihisha huku unaharibu kule.

Tandika sakafuni shuka la kijivu hafifu au jeupe lisilong'aa, lililopigwa pasi. Gauni nalo lipigwe pasi, ikiwezekana ya mvuke. Kunjo lililobaki kwenye kitambaa cha giza lina mgongo unaong'aa na bonde jeusi, kwa hiyo mteja anaona rangi tatu mahali penye moja. Lilaze gauni ubavu wake ukiwa sambamba na dirisha, umbali wa kama mita moja. Ukielekeza kola dirishani na pindo ndani ya chumba, mabega yatapata mwanga mwingi kuliko pindo, na kwa rangi yako hiyo maana yake ni mabega mekundu na pindo la kahawia. Likilala sambamba, mwanga una upana wa gauni tu wa kuvuka. Upande wa pili, usio na dirisha, simamisha ubao mweupe au boksi lililobandikwa karatasi nyeupe, urudishe mwanga kwenye kivuli. Usogeze karibu hadi tofauti kati ya bega la kulia na la kushoto iwe ndogo, lakini usiimalize yote. Kivuli kidogo ndicho kinachoonyesha kwamba kitambaa kina mikunjo na uzito.

Tazama pia kilicho pembeni. Nilipoanza kazi hii nilipiga mashati meupe thelathini ndani ya chumba chenye ukuta wa njano. Nilipoyafungua kwenye skrini kubwa, kila shati lilikuwa na ubavu mmoja wa njano, na nikayarudia yote siku iliyofuata. Ukuta, zulia, hata blauzi uliyovaa wewe unayepiga, vyote vinarudisha rangi zao kwenye nguo. Siku ya kupiga mimi huvaa kijivu au nyeusi.

Kwa picha ya kulaza, simu lazima itazame chini wima kabisa, uso wake ukiwa sambamba na sakafu. Washa mistari ya gridi kwenye kamera. Baadhi ya simu zikielekezwa chini huonyesha alama mbili za msalaba, na zikikutana ujue simu imenyooka. Ukingo wake wa upande wa pindo ukishuka kidogo, pindo linapanuka na mabega yanasinyaa, na gauni la kawaida linaonekana la mwendo wa pembetatu. Kwa urefu wa gauni inakubidi usimame juu ya kiti imara. Tumia lenzi ya kawaida, 1x. Ile ya 0.5x usiiguse kwa nguo, inavuta pembe za fremu.

Kisha weka kadi ya kijivu kifuani pa gauni. Gusa kadi kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka simu ifunge vipimo. Kwenye iPhone utaona maandishi AE/AF LOCK. Sasa mwanga umepimwa kwa kadi, haijalishi chini kuna blanketi la kahawia au shuka jeupe. Piga picha moja kadi ikiwepo. Iondoe taratibu bila kusogeza simu, piga nyingine. Stendi inarahisisha sana hapa, lakini mikono iliyotulia inaweza.

Kama simu yako ina hali ya Pro, hali ni nzuri zaidi. Toa WB, yaani mpangilio unaosahihisha rangi ya mwanga, kwenye otomatiki, iweke karibu na 5500K, halafu utazame kadi kwenye skrini. Ikionekana na ubluu, panda kidogo, 6000K hadi 6500K, hasa siku ya mawingu. Ikionekana na umanjano, shuka. Kadi ikiwa kijivu tupu, iache namba hiyo hapo kwa nguo zote za kikao hicho. Wingu zito likipita au mwanga ukibadilika, rudisha kadi upime tena. Kama simu haina Pro, sahihisha baadaye. Kwenye programu ya kuhariri ya Snapseed, kwa mfano, kuna kifaa kiitwacho White Balance chenye alama ya kidude cha kudondoshea dawa ya macho. Fungua picha yenye kadi, gusa alama hiyo, iburute juu ya kadi, na namba zinazotokea uziweke kwenye picha nyingine zote ulizopiga kwa mwanga uleule.

Baada ya hapo lichukue gauni ulishike karibu na simu, palepale dirishani, ulinganishe na picha. Kabla ya kulinganisha zima hali ya usiku ya skrini, ile inayoifanya kuwa ya manjano, na Night Shift au True Tone kama zipo, na mwangaza wa skrini uwe wa kati. Nimeona watu wakiharibu picha nzuri kabisa kwa kuirekebisha saa nne usiku kwenye skrini ya manjano. Ukiona gauni kwenye picha bado limepanda kidogo kuelekea nyekundu, shusha mwanga kidogo kwanza, kama -0.3 ya EV, yaani kipimo cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Usikimbilie kugusa rangi. Kwa damu ya mzee hilo mara nyingi linatosha.

Dalili nyingine ya mwanga uliozidi ni mikunjo kupotea. Kuza picha utazame kifuani. Ukiona bapa la rangi moja lisilo na mshono wala kunjo, ujue nyekundu imejaa hadi ukingoni na simu haina tena mahali pa kuandika tofauti. Bapa hilo halirudi kwa kuhariri. Piga upya ukiwa umeshusha EV hadi -0.7. Nguo nyekundu iliyokolea ina tabia hii kuliko nyingine, na rangi za kung'aa kama za fulana za wajenzi wa barabara hazitoshei kabisa kwenye skrini za kawaida. Kwa hizo fika karibu uwezavyo, ukweli uliobaki uuandike kwa maneno chini ya picha.

Sasa kutundika. Liondoe gauni dirishani, ulipeleke ukutani linapoweza kutazama dirisha, au ulitundike kwenye uzi wa nailoni kutoka darini. Dirisha liwe mbele yako na pembeni kidogo, lisiwe nyuma ya gauni hata kidogo. Liache gauni nusu mita mbele ya ukuta. Likigusa ukuta kivuli chake kinashikamana nalo, na kwenye nguo ya giza ukingo unapotea, mteja hajui kiuno kinaishia wapi. Henga iwe nyembamba na upana wake usizidi mabega. Ncha zikitokeza zinaacha vinundu viwili begani ambavyo mteja atadhani ndivyo mshono ulivyo. Jaza karatasi laini kidogo mabegani na kifuani ili kitambaa kisianguke kama kilichokata tamaa.

Kuna wanaobana gauni kwa vibanio mgongoni ili lionekane na kiuno. Mimi silipendi hilo. Kibanio kinachozuia mkunjo mbaya sawa, lakini kinachopunguza upana wa nguo kinamdanganya mnunuzi kuhusu mkato, na utalipokea gauni hilo likirudi kwa sababu nyingine.

Simu iwe usawa wa kiuno cha gauni, si usawa wa macho yako. Ukipiga kutoka juu, sketi inafupika. Na hapa, tofauti na kulaza, rudi nyuma mita mbili na nusu au zaidi na utumie 2x. Nguo iliyolazwa ni bapa, kwa hiyo simu ikinyooka lenzi ya 1x haiipindishi. Nguo iliyotundikwa ina kina: kifua kimejaa, mikono iko mbele au nyuma. Ukiwa karibu, kilicho mbele kinakuwa kikubwa kupita kiasi.

Pima upya kwa kadi, iliyobanwa kifuani pa gauni likiwa limening'inia. Usitumie vipimo vya picha ya kulaza. Sakafu na ukuta havipokei mwanga sawa hata kama dirisha ni hilohilo: gauni lililosimama linaitazama mbingu moja kwa moja, la sakafuni linapata mwanga wa kuteleza. Kadi ndiyo inayozikutanisha picha hizo mbili. Ukizipanga pamoja na gauni likawa rangi moja katika zote, mteja ana sababu ya kuziamini. Zikitofautiana atachagua anayoipenda, na utamletea nyingine.

Ongeza picha ya tatu, ya karibu, kama sentimita 30 kutoka kitambaani, mwanga ukitoka ubavuni. Kunja pindo kidogo ili uso na ndani vionekane pamoja. Ndiyo picha ambayo wanunuzi makini huikuza wakitafuta rangi, kwa sababu mfumo wa nyuzi unaonekana na jicho linajua linatazama kitambaa gani. Kama gauni ni la satini, ruhusu mng'ao upite sehemu moja tu, maana penye mng'ao unaona mwanga na si rangi. Kama ni la mahameli, lipitishe kiganja kuelekea upande mmoja kabla ya picha zote tatu. Manyoya yake yakilala huku ni rangi moja, yakigeuzwa ni nyingine iliyokolea zaidi, na hapo hakuna kadi itakayokusaidia.

Najua mchana unaweza kuwa na kazi nyingine na usiku ndio wakati wako. Basi ukifika wakati wa kununua taa, nunua mbili zinazofanana kabisa, za LED, za kati ya 5000K na 5600K, na kwenye kasha tafuta CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, ya 95 au zaidi. Kwa bidhaa zako uliza pia R9. Namba ya CRI hupatikana kwa wastani wa rangi nane zilizofifia, na nyekundu iliyokolea haimo kati ya hizo. Inapimwa peke yake kwa R9. Taa inaweza kuandikwa CRI 80 na R9 yake ikawa karibu na sifuri. Chini ya taa hiyo damu ya mzee inakuwa kama kahawia ya vumbi, na hakuna mpangilio wa simu utakaoirudisha, kwa kuwa nyekundu yenyewe ilikuwa haba mno kwenye mwanga. Ziweke kulia na kushoto kwa nyuzi 45, kila moja nyuma ya kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga, na zima balbu ya darini kama ulivyofanya mchana.

Jambo la mwisho liko kwenye faili. Simu kadhaa, iPhone zikiwemo, huhifadhi picha kwa mfumo wa rangi wa Display P3, ambao una nyekundu pana kuliko mfumo wa sRGB unaotumiwa na skrini nyingi. Baadhi ya mitandao ikipokea picha hiyo huondoa maelezo hayo, na gauni linatoka limepauka. Ukihamisha picha kutoka kwenye programu ya kuhariri, chagua sRGB. Kisha ipakie, uifungue kwenye simu mbili tatu za watu wengine, zikiwa zimetengenezwa na kampuni tofauti, na gauni likiwa mkononi mwako. Hazitafanana zote. Unachotafuta ni kwamba wenye simu hizo, ukiwauliza hii ni rangi gani, wote waseme damu ya mzee bila kusitasita. Ikiwa mmoja atasema nyekundu, shusha mwanga -0.3 nyingine umuulize tena. Na kwenye maelezo andika hivi: "Damu ya mzee iliyokolea, si nyekundu. Kwenye mwanga wa balbu ya manjano huonekana na ujoto zaidi." Wateja wako wawili waliorudisha walikosa sentensi hiyo pia.